Kolesteroli Imepanda Ukiwa Mjamzito au Baada ya Kukoma Hedhi: Namna ya Kujua Lipi ni la Kawaida

Wanawake wawili wanaweza kutoka maabara wakiwa na majibu yanayofanana: kolesteroli yote 7.1 mmol/L, na pembeni mshale unaoelekea juu. Mmoja ana mimba ya wiki 34. Mwingine ana miaka 53, na sasa ni mwaka wa pili hajaona hedhi. Maabara imewalinganisha wote na viwango vya mtu mzima asiye mjamzito, kwa sababu mashine haijui nani ni nani.

Wote wawili wataambiwa na jirani kwamba hali hiyo ni ya kawaida, na jirani hatakuwa amekosea sana. Tofauti ni kwamba ongezeko la mimba huja na kuondoka, ilhali ongezeko la kukoma hedhi huja na kubaki. La kwanza mara nyingi halihitaji chochote zaidi ya kupima tena kwa wakati unaofaa. La pili linahesabika kwenye afya ya moyo kuanzia siku linapoonekana, hata kama limewapata wanawake wengi wa umri huo. Mwongozo huu unakupitisha kwenye karatasi yako ya majibu hatua kwa hatua, ili ukifika kwa daktari ujue unauliza nini.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbili juu ya karatasi

Tarehe ya kwanza ni siku damu ilipotolewa. Ya pili ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Bila hizo mbili, namba zilizo chini yake hazisomeki.

Kwa mjamzito, tarehe hizo zinakupa umri wa mimba kwa wiki, na utaona hapa chini kwamba wiki ya 8 na wiki ya 34 ni mambo mawili tofauti. Kwa mwanamke aliye kati ya miaka 45 na 55, zinaonyesha kama bado yuko kwenye kipindi cha mpito, ambapo hedhi inakuja na kuruka, au ameshamaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi, ambayo ndiyo alama ya kuhesabiwa kuwa amekoma.

Mwenye miaka 46 ambaye hedhi imeruka miezi miwili asikimbilie kudhani ni ukomo. Mimba bado inawezekana katika umri huo, nayo pia huinua kolesteroli. Kipimo cha mkojo cha mimba ni cha dakika chache, na kifanyike kabla ya mtu kuandikiwa dawa yoyote ya kolesteroli.

Hatua ya 2: Tafuta majibu yako ya zamani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Swali la kama ongezeko ni la kawaida halijibiwi na namba moja. Hujibiwa na umbali kati ya namba ya leo na namba yako mwenyewe ya kabla ya mimba, au ya miaka michache kabla hedhi haijaanza kuyumba. Mwanamke ambaye LDL yake, yaani ile kolesteroli inayodhuru mishipa ikizidi, ilikuwa 2.6 akiwa na miaka 45, na sasa ni 3.0, ameenda mwendo unaotarajiwa. Mwingine mwenye 3.0 leo ambaye zamani alikuwa na 2.0 amepanda kwa nusu nzima, ingawa karatasi yake haina mshale hata mmoja.

Angalia pia vizio vya kipimo. Maabara nyingine hutumia mmol/L na nyingine mg/dL. Ukitaka kugeuza mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kolesteroli kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6. Watu wamewahi kushtuka bure kwa kulinganisha 5.2 ya mwaka jana na 201 ya mwaka huu, kumbe ni kiasi kile kile.

Kama huna majibu ya zamani, usihuzunike. Endelea, lakini ya leo yatunze, maana ndiyo yatakuwa ya zamani kesho.

Hatua ya 3: Soma mistari minne

Karatasi kamili ina kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi. LDL ndiyo inayobeba kolesteroli kuipeleka sehemu za mwili, na ikizidi kwa miaka mingi hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu. HDL huirudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya nishati, yale ambayo mwili huyachoma au kuyahifadhi.

Mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja bali hukokotolewa, na unaweza kuikagua mwenyewe:

LDL = kolesteroli yote − HDL − (trigliseridi ÷ 2.2)

Hiyo ni kwa mmol/L. Kwa mg/dL, gawanya trigliseridi kwa 5 badala ya 2.2. Hesabu hii huanza kudanganya trigliseridi zinapopanda sana, na zikivuka 4.5 mmol/L (400 mg/dL) haifai tena. Jambo hili linamhusu zaidi mjamzito, kwa kuwa trigliseridi zake ndizo zinazopanda kuliko vyote. Akiwa juu ya kiwango hicho, LDL iliyochapishwa kwenye karatasi si ya kuaminiwa mpaka ipimwe moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kama ni mjamzito, linganisha na wiki zako

Mwanzoni mwa mimba kolesteroli inaweza hata kushuka kidogo. Kisha, kuanzia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza, hupanda taratibu hadi kilele katika miezi mitatu ya mwisho. Kufikia hapo, kolesteroli yote huwa imeongezeka kwa kati ya theluthi na nusu ya ilivyokuwa kabla ya mimba. LDL nayo huongezeka kwa kiasi kama hicho, na kwa wengine zaidi. Trigliseridi hufika mara mbili hadi tatu. HDL hupanda katikati ya mimba, halafu hurudi nyuma kidogo karibu na kujifungua, lakini kwa kawaida hubaki juu ya ilipoanzia.

Sababu zake zinaeleweka vizuri. Estrojeni inayoongezeka huamuru ini litengeneze na kutoa mafuta mengi zaidi kwenye damu. Kondo la nyuma hutumia kolesteroli ya mama kama malighafi ya kutengeneza projesteroni, homoni inayoishikilia mimba. Mtoto naye anahitaji kolesteroli kujenga kuta za kila seli mpya. Halafu, mimba ikishakua, mwili wa mama huanza kuipinga insulini kidogo na kuyeyusha akiba ya mafuta aliyoiweka miezi ya mwanzo. Mama anachoma mafuta, sukari anaachiwa mtoto. Trigliseridi zinazoonekana kwenye damu ya wiki ya 34 ni mafuta hayo yakiwa njiani.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 31 alipimwa mwaka mmoja kabla ya kushika mimba: kolesteroli yote 4.8, HDL 1.5, trigliseridi 1.1. LDL yake ilikuwa 4.8 − 1.5 − 0.5, yaani 2.8. Akiwa na wiki 34 anapimwa tena na kupata kolesteroli yote 7.1, HDL 1.8, trigliseridi 3.2. Trigliseridi ukizigawanya kwa 2.2 unapata karibu 1.5, hivyo LDL ni 7.1 − 1.8 − 1.5, yaani 3.8.

Karatasi yake ina mishale mitatu. Lakini ukilinganisha na alipotoka, kolesteroli yote imepanda kwa karibu nusu, LDL kwa zaidi kidogo ya theluthi, na trigliseridi zimekaribia mara tatu. Kila mstari uko ndani ya yanayotarajiwa kwa wiki hizo. Mama huyu hahitaji dawa, na wala hahitaji kujinyima chakula. Kujinyima mafuta yote au kufunga kula ili kushusha namba ambayo mwili umeipandisha kwa makusudi ni kumnyima mtoto bila faida.

Ndiyo maana kipimo cha kolesteroli hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito. Hupimwa kwa mwenye sababu: aliyejulikana tangu zamani kuwa na kolesteroli au trigliseridi za juu sana, mwenye ukoo wenye tatizo hilo, au aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho. Kama ulipimwa kwa sababu tu kipimo hicho kilikuwa kwenye kifurushi cha uchunguzi wa jumla, mishale isikukoseshe usingizi kabla hujafika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tambua kinachovuka mpaka katika mimba

Mstari wa kuangalia kwanza hapa ni trigliseridi. Katika mimba yenye afya, kwa kawaida hazipiti sana 3.5 au 4 mmol/L hata mwishoni. Zikifika 5.6 mmol/L (500 mg/dL), si ongezeko la mimba peke yake. Kuna kitu kingine chini yake, mara nyingi kisukari kisichodhibitiwa, hitilafu ya kurithi ya kushughulikia mafuta, au dawa fulani. Hapo daktari anatakiwa kupima sukari, kupitia orodha ya dawa unazotumia, kupanga mlo wenye mafuta machache chini ya uangalizi, na kurudia kipimo baada ya wiki chache, maana zitaendelea kupanda mpaka siku ya kujifungua.

Zikivuka 11.3 mmol/L (1000 mg/dL), hatari ni uvimbe wa ghafla wa kongosho, ugonjwa unaoweza kumuua mama na mtoto. Wakati mwingine mtaalamu wa maabara huona tatizo kabla ya mashine. Chupa ya damu ikishazungushwa na kutulia, maji yanayobaki juu, ambayo huwa ya manjano yanayopitisha mwanga, yanakuwa meupe na mazito kama maziwa. Akikuandikia kwamba sampuli ina mafuta mengi, usichukulie kuwa ni kasoro ya kipimo. Mafuta hayo pia huvuruga vipimo vingine vilivyofanywa kwenye chupa ile ile, kwa hiyo daktari aelezwe.

Dalili ya kongosho ni maumivu makali ya juu ya tumbo, yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma. Maumivu ya sehemu hiyo hiyo kwa mjamzito yanaweza pia kuwa dalili ya shinikizo la damu la ujauzito lililoharibu ini. Yote mawili ni dharura. Usikae nyumbani ukijaribu kutofautisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Jambo la pili la kuangalia ni LDL iliyokuwa juu tangu zamani. Mtu mwenye LDL ya 4.9 mmol/L (190 mg/dL) au zaidi akiwa hana mimba anashukiwa kuwa na kolesteroli ya juu ya kurithi, hasa kama mzazi au ndugu alipata ugonjwa wa moyo mapema. Mimba ikiongezwa juu ya hali hiyo, LDL inaweza kufika namba za kutisha. Mwanamke huyo anatakiwa kuwa na daktari bingwa anayemfuatilia tangu kabla ya kushika mimba.

Hatua ya 6: Dawa, ukishika mimba au ukipanga kushika

Dawa zinazotumika zaidi kushusha kolesteroli ni statini. Anayezitumia na anapanga mimba azungumze na daktari mapema, kwa kawaida ili aziache miezi michache kabla ya kuanza kujaribu. Aliyeshika mimba bila kupanga huku akizimeza amwone daktari mara moja, lakini asiingiwe na hofu kwamba tayari amemdhuru mtoto. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliomba lile onyo kali kabisa la kuzikataza kwa kila mjamzito liondolewe, kwa kuwa data zilizokusanywa hazikuonyesha madhara yaliyokuwa yakihofiwa. Mamlaka hiyo hiyo ilibaki na msimamo kwamba wajawazito wengi waziache, na wanaonyonyesha wasizitumie. Kwa wachache walio kwenye hatari kubwa, uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake.

Kuacha statini kwa miezi tisa na kipindi cha kunyonyesha hakumuweki mwanamke wa kawaida kwenye hatari ya moyo inayopimika. Mafuta hujikusanya kwenye mishipa kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Pima tena baada ya kujifungua, lakini si mapema

Kosa linalojirudia hapa ni kupima wiki mbili baada ya kujifungua, kukuta namba bado ziko juu, na kuandikiwa ugonjwa ambao haupo. Trigliseridi hushuka haraka, mara nyingi ndani ya wiki 6, na kunyonyesha kunaharakisha kwa sababu titi linavuta mafuta hayo kutoka kwenye damu na kuyatia kwenye maziwa. LDL ni nzito kuondoka na inaweza kuchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo wiki 6 ndiyo mapema kabisa, na mimi ningependa usubiri miezi 3 kama hakuna cha haraka.

Yule mama wa miaka 31 anapopimwa miezi 3 baadaye anapata kolesteroli yote 5.0, HDL 1.5, trigliseridi 1.0. LDL yake ni 3.0. Hajarudi kamili kwenye 2.8, lakini amekaribia kiasi kwamba hakuna cha kutafuta. Angekutwa na 4.9 au zaidi, hapo ndipo swali la kurithi lingeulizwa, na ndugu zake wa damu nao wapimwe, kwa sababu kila mtoto wa mwenye tatizo hilo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulirithi.

Kuna kisa kimoja kinachojificha. Baadhi ya wanawake hupata uvimbe wa tezi ya thairoidi katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na kwa miezi kadhaa tezi hufanya kazi chini ya kiwango. Mwili huchoka, nywele hutoka, LDL hupanda. Mambo haya yote hulaumiwa kulea mtoto mchanga. Kama LDL ilishashuka kisha ikapanda tena mwezi wa tano au wa sita, omba kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo kufanya kazi na ambayo hupanda tezi ikizembea.

Hatua ya 8: Kama hedhi inakoma, pima ukubwa wa ongezeko

Kwa miaka mingi watu walidhani kolesteroli ya wanawake wa makamo hupanda kwa sababu ya umri tu. Utafiti wa Marekani ujulikanao kwa kifupi SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuatilia wanawake wale wale mwaka hadi mwaka, ulionyesha jambo la wazi zaidi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kolesteroli yote na LDL ziliruka katika kipindi kifupi kinachoizunguka hedhi ya mwisho, yaani mwaka mmoja kabla na mmoja baada yake. Ongezeko hilo lilikuwa juu ya lile linaloletwa na kuongezeka umri peke yake.

Kinachotokea ni hiki. Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu na kuiondoa. Estrojeni husaidia vipokezi hivyo viwe vingi. Ovari zikiacha kuitoa, vipokezi hupungua, na LDL ile ile iliyokuwa ikiondolewa hubaki ikizunguka. Ndiyo maana mwanamke anaweza kula vile vile, kutembea vile vile, na bado namba ikapanda. Daktari anayemwambia mara moja kwamba amekula vibaya anamwonea.

Ongezeko linalotarajiwa ni la takriban asilimia 10 hadi 15 ya LDL. Trigliseridi nazo hupanda kidogo, hasa kama mafuta yameanza kuhamia tumboni. HDL haina mwendo mmoja kwa wote, na hata ikiwa juu isikutulize sana, kwani dalili zipo kwamba baada ya hedhi kukoma HDL hailindi mishipa kama ilivyokuwa zamani. Ukiambiwa kwamba HDL nzuri inafuta LDL mbaya, usikubali hesabu hiyo.

Sasa mfano wa pili. Mwanamke akiwa na miaka 47 alikuwa na kolesteroli yote 4.9, HDL 1.5, trigliseridi 1.1, hivyo LDL 2.9. Akiwa na miaka 52, miezi 14 tangu hedhi ya mwisho, majibu ni kolesteroli yote 6.3, HDL 1.5, trigliseridi 1.6. LDL imekuwa 6.3 − 1.5 − 0.7, yaani 4.1. Anachoka, ngozi imekauka, ameongezeka uzito, haja kubwa ngumu. Kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, anasema ni ukomo wa hedhi.

Fanya hesabu. Asilimia 15 ya 2.9 ni kama 0.4, hivyo ukomo wa hedhi ungemfikisha 3.3. Yeye yuko 4.1, ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Kuna 0.8 isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo pa kutafuta sababu nyingine, na ya kwanza ni tezi ya thairoidi, kwa sababu kuzembea kwake huwapata sana wanawake wa umri huu na dalili zake zinafanana mno na za ukomo. Katika mfano wetu TSH inatoka juu sana, anaanzishiwa homoni ya thairoidi, na miezi michache baadaye, TSH ikiwa sawa, LDL inasoma 3.3. Sehemu iliyoondoka ilikuwa ya tezi. Sehemu iliyobaki ndiyo ya kukoma hedhi, na haitaondoka yenyewe.

TSH ikiwa sawa, sababu nyingine za kuulizia ni kisukari, ugonjwa wa figo unaopoteza protini kwenye mkojo, ini lenye tatizo la kutoa nyongo, na dawa kama za jamii ya steroidi.

Hatua ya 9: Amua la kufanya na kilichobaki

LDL ya 3.3 kwa mwanamke mmoja inahitaji mlo na kupimwa tena, na kwa mwingine inahitaji dawa. Kinachowatofautisha ni mambo yanayoizunguka: shinikizo la damu, sukari, sigara, ugonjwa wa moyo kwenye ukoo. Mpe daktari pia historia ambayo mara nyingi haulizwi. Kama hedhi yako ilikoma kabla ya miaka 40, au uliondolewa ovari mapema, au uliwahi kupata shinikizo la damu la ujauzito lenye protini kwenye mkojo, sema. Mambo haya yanaongeza hatari ya moyo miaka mingi baadaye, na miongozo ya kitabibu ya Marekani ya mwaka 2018 inayahesabu wakati wa kuamua kuhusu statini. Kisukari cha ujauzito nacho kitaje, hata kama mtoto huyo sasa ni mtu mzima.

Kwa LDL ya 4.9 au zaidi, au mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, kwa kawaida mjadala wa kuanza dawa hausubiri mahesabu marefu. Statini hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 au zaidi kidogo kulingana na aina na dozi, na kipimo cha kuangalia kama imefanya kazi hufanywa wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza.

Mlo unasaidia, ila ujue unasaidia kiasi gani. Kubadili mafuta yanayoganda kwa mafuta ya maji yatokanayo na mimea, na kuongeza vyakula vya jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, kunaweza kurudisha sehemu nzuri ya ile asilimia 10 hadi 15. Mazoezi yana nguvu zaidi kwenye trigliseridi, shinikizo la damu na mafuta ya tumboni kuliko kwenye LDL yenyewe. Mwanamke anayetembea kila siku na LDL yake haishuki hajafanya vibaya, anatibu kitu kingine.

Swali la homoni huja kila mara. Vidonge vya estrojeni hushusha LDL na kuinua HDL, lakini huinua trigliseridi. Estrojeni ya kibandiko cha ngozi haina athari hiyo kubwa kwenye trigliseridi. Hata hivyo, homoni hutolewa kwa ajili ya vipindi vya joto, jasho la usiku na shida nyingine za ukomo, si kama dawa ya kolesteroli. Jaribio kubwa la Marekani la estrojeni pamoja na projestini lilisimamishwa mwaka 2002, na halikuonyesha kwamba tiba hiyo inaulinda moyo. Kama unazihitaji kwa dalili zako na trigliseridi zako ziko juu, mwambie daktari kabla hajachagua kati ya kidonge na kibandiko.

Kama bado uko kwenye kipindi cha mpito na umeanza statini, endelea kutumia njia ya uzazi wa mpango mpaka daktari akuthibitishie kwamba umekoma. Na kama namba zako leo ni nzuri huku hedhi bado inaruka, panga kipimo kingine mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho, kwa sababu ongezeko lenyewe huenda bado halijamalizika.